Ujumbe wa kusindikiza ankara ya udhamini: uanze na shukrani, uanze na hesabu, au uwe barua kamili?

Mfanyabiashara akishasimama kikaoni na kuahidi kudhamini tamasha la mtaa, kinachofuata ni ankara, na ankara haiendi peke yake. Husindikizwa na ujumbe mfupi, wa baruapepe, wa WhatsApp au wa karatasi, na ujumbe huo ndio unaosomwa kwanza. Nimekuwa katibu wa kamati za namna hii kwa miaka kadhaa, na nimeona jambo lilelile likijirudia: ankara tunaiandika kwa utulivu, tukiipitia mara tatu, lakini ujumbe wa kuisindikiza tunauandika usiku tukiwa tumechoka, na hapo ndipo malipo yanapokwama.

Kuna njia tatu za kuunyoosha ujumbe huo ambazo kamati nyingi huyumba kati yake. Ya kwanza huanza na shukrani, ya pili huanza na hesabu, na ya tatu ni barua rasmi yenye kumbukumbu namba, saini na muhuri. Zote tatu huleta malipo, ila kila moja ina mdhamini inayemfaa.

Mfano na rasimu yake

Tuchukue mfano wa bonanza la mpira wa miguu la vijana katika kata moja ya Tanga mjini, litakalofanyika tarehe 6 Juni. Katika kikao cha tarehe 18 Aprili, mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliahidi udhamini wa shilingi 1,500,000, na alifafanua mwenyewe kwamba shilingi 1,000,000 zitakuwa fedha taslimu na kiasi kilichobaki atakitoa kwa mabomba na rangi za kutengenezea magoli. Kamati nayo ilimwahidi kwamba jina la kampuni yake litachapwa kifuani mwa jezi za timu nne. Mabomba na rangi vilifika tarehe 27 Aprili. Sasa ni mwanzoni mwa Mei, na katibu ameandika hivi:

> Habari za kazi na poleni na majukumu. Tunaomba mtukumbuke kwa ile ahadi yenu ya milioni moja na nusu. Ankara imeambatanishwa. Maandalizi yamekwama kwa kukosa fedha, hivyo tunaomba mtulipe mapema iwezekanavyo. Mnaweza kutuma kwa simu ya mweka hazina. Asanteni na Mungu awabariki.

Hakuna utovu wa adabu humo, na aliyeandika amesalimu kama inavyotakiwa. Hata hivyo, karibu kila sentensi ina kasoro. "Mtukumbuke" ni neno la mwombaji, ilhali huyu ni mdhamini ambaye anapata kitu kwa fedha yake, na ukimwomba kama sadaka unampa ruhusa ya kupunguza kama sadaka. "Ile ahadi" inaeleweka kwa watu waliokuwepo kikaoni tu. Milioni moja na nusu si kiasi kinachodaiwa, kwa sababu theluthi yake imeshapokelewa kwa vifaa, na mtu aliyetoa mabomba kisha akadaiwa thamani yake tena ana haki ya kuudhika. Kusema kwamba maandalizi yamekwama kunamtia mdhamini shaka, maana jina lake litakuwa kifuani mwa jezi za shughuli ambayo wenyewe wanakiri kuwa imekwama. "Mapema iwezekanavyo" si tarehe. Na simu ya mweka hazina ni simu ya mtu binafsi.

Hiyo ya mwisho nimeilipia mimi mwenyewe. Mwaka mmoja nilituma ujumbe unaofanana na huo kwa kampuni iliyokuwa imeahidi vizuri kabisa, na mkurugenzi akaupeleka kwa mhasibu wake siku hiyohiyo. Mhasibu aliona namba ya simu yenye jina la mtu asiyemjua, akauweka pembeni mpaka apate maelezo, na hakuna aliyetuambia. Fedha ilifika siku tatu baada ya tamasha, na mabango tulikuwa tumeyachapa kwa kukopa.

Vigezo vya kulinganisha

Kutokana na kasoro hizo ninapata vigezo vinne, nami nitazipima njia zote tatu kwa vigezo hivyo.

Cha kwanza, na kwangu ndicho kizito zaidi, ni kama ujumbe unaeleweka na mtu ambaye hakuwepo kikaoni. Aliyeahidi ni mmoja na anayelipa mara nyingi ni mwingine. Bosi husoma sentensi mbili za mwanzo, huandika "tafadhali shughulikia" na kuutuma kwa mhasibu, na kuanzia hapo ujumbe unajitetea wenyewe bila katibu kuwepo kuufafanua.

Cha pili ni ulinganifu: kiasi, jina la mlipaji na kusudi la malipo viwe vilevile katika ujumbe na katika ankara. Duka linaweza kuwa na jina moja kwenye bango la barabarani na jingine kwenye usajili wa kampuni, na ankara iliyoandikwa kwa jina la bango hurudishwa. Cha tatu ni heshima ya ahadi, kwamba ujumbe haumfanyi mdhamini aonekane mdaiwa sugu wala haumfanyi mwombaji awe ombaomba. Cha nne ni tarehe yenye sababu. Tarehe ya malipo ikifungwa kwenye kazi inayoonekana, kwa mfano siku jezi zinapotakiwa kufika kwa mchapaji, mlipaji huiona kuwa ni ya kweli. Katika mfano wetu mchapaji anahitaji siku 10, kwa hiyo malipo ya tarehe 20 Mei yanatoa jezi tarehe 30 Mei, na kamati inabaki na wiki moja ya kurekebisha jezi iliyochapwa vibaya.

Njia ya kwanza: kuanza na shukrani

> Ndugu Mkurugenzi, kamati ya bonanza inakushukuru kwa udhamini uliotuahidi katika kikao cha tarehe 18 Aprili. Mabomba na rangi tulivipokea tarehe 27 Aprili, na magoli mawili yameshasimama uwanjani. Tunaambatanisha Ankara Na. 003 ya shilingi 1,000,000, ambayo ni sehemu ya fedha taslimu ya udhamini huo. Tukipokea malipo kufikia tarehe 20 Mei, jezi zenye jina la kampuni yako zitakuwa tayari tarehe 30 Mei. Akaunti ya kamati imeandikwa ndani ya ankara.

Angalia shukrani yenyewe ilivyo. Haisemi "asante sana kwa moyo wako wa kujitolea", maneno ambayo mdhamini huyasikia kila wiki, bali inataja mabomba, tarehe yalipofika na kazi iliyokwisha kufanyika. Sentensi ya magoli kusimama inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inashukuru, na inathibitisha kwamba kilichokwisha kutolewa kimetumika kwa kusudi lake. Inaondoa pia mkanganyiko wa milioni moja na nusu bila kumwambia mtu kwamba kuna mkanganyiko.

Kwa heshima ya ahadi, njia hii inashinda zile nyingine mbili. Kwa mtu asiyekuwepo kikaoni ni ya wastani, kwa kuwa kiasi kinakuja katika sentensi ya tatu na mhasibu mwenye ujumbe mwingi wa kusoma anaweza asifike hapo. Ulinganifu unategemea uangalifu wa mwandishi, kwa sababu maneno ya shukrani hupenda kurefuka na tarakimu kuzama ndani yake. Ukiona shukrani imezidi sentensi mbili kabla ya kutaja ankara, kata. Tarehe inakaa vizuri, maana imefungwa kwenye jezi zenye jina lake mwenyewe.

Inamfaa mfanyabiashara anayeahidi na kulipa kwa mkono wake: mwenye duka, mwenye mgahawa, mwenye daladala tatu. Inamfaa pia mdhamini wa miaka mingi, ambaye ujumbe mkavu ungemshangaza.

Njia ya pili: kuanza na hesabu

> Ankara Na. 003: shilingi 1,000,000 (shilingi milioni moja), ya kulipwa kufikia tarehe 20 Mei.
>
> Malipo haya ni sehemu ya fedha taslimu ya udhamini wa bonanza la vijana la tarehe 6 Juni, ulioahidiwa na Mkurugenzi katika kikao cha tarehe 18 Aprili. Sehemu ya vifaa ilishapokelewa tarehe 27 Aprili na haimo katika ankara hii. Malipo yafanyike kwenye akaunti ya benki ya kamati iliyoandikwa ndani ya ankara, na stakabadhi itatolewa siku ya kupokea. Kwa maswali, wasiliana na mweka hazina kwa namba iliyo chini. Tunashukuru kwa udhamini wenu.

Mstari wa kwanza wa ujumbe huu unaweza kunakiliwa na kubandikwa kwenye daftari la malipo ya wiki bila kubadilisha neno. Kwa kigezo cha kwanza, hakuna njia inayoufikia: mhasibu anajua nani aliahidi, lini, kwa ajili ya nini, na kwa nini kiasi hiki hakilingani na kile alichokisikia bosi akikitaja. Kiasi kilichorudiwa kwa maneno kinazuia sifuri kuongezeka au kupungua, na sentensi ya "haimo katika ankara hii" huokoa simu mbili au tatu za kuulizana.

Gharama yake iko kwenye heshima. Mkurugenzi aliyeahidi mbele ya watu akisoma mstari huo wa kwanza akiwa na siku mbaya anaweza kuona kama anadaiwa. Kwa hiyo anayeichagua njia hii afanye jambo moja zaidi, nalo ni kumpigia simu aliyeahidi kabla ya kutuma: amsalimie, amwambie kwamba ankara inakuja na imeandikwa kwa ajili ya mhasibu wake. Simu hiyo ya dakika tatu inabeba shukrani ambayo maandishi yameiacha. Bila simu, njia hii ni baridi mno kwa mazingira yetu, na sipendekezi itumwe peke yake kwa mtu mzima ambaye ungemwamkia "shikamoo" ukikutana naye.

Tarehe humo inaonekana mapema, lakini sababu yake haipo. Ukitaka kuiongeza, sentensi moja inatosha: "Tarehe hiyo inatokana na muda wa mchapaji wa jezi."

Inazifaa kampuni zenye mhasibu au ofisi ya fedha, hasa zile zinazolipa kwa siku maalumu za wiki.

Njia ya tatu: barua rasmi

Hapa kamati inatumia karatasi yenye kichwa cha kamati, kumbukumbu namba, tarehe, anwani ya kampuni kama ilivyo kwenye usajili, na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari:

> YAH: KUWASILISHA ANKARA NA. 003 YA UDHAMINI WA BONANZA LA VIJANA
>
> Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Rejea kikao cha tarehe 18 Aprili, ambapo kampuni yako iliahidi kudhamini bonanza tajwa kwa shilingi 1,500,000, kati yake shilingi 1,000,000 zikiwa fedha taslimu na shilingi 500,000 zikiwa thamani ya vifaa. Kamati inathibitisha kupokea vifaa hivyo tarehe 27 Aprili, na kwa barua hii inawasilisha ankara ya sehemu ya fedha taslimu.

Inaendelea kwa aya moja ya kile mdhamini anachopata, aya moja ya akaunti na tarehe, kisha saini za mwenyekiti na mweka hazina juu ya muhuri. (Msomaji wa Kenya atazoea kuona MINT: mahali pa YAH:, na mpangilio uliobaki ni uleule.)

Wengi huiona barua kuwa ni urasimu wa bure. Nguvu yake iko mahali pamoja ambapo njia nyingine mbili ni dhaifu: inasimama hata pale aliyeahidi anapokuwa safarini au amehamishwa. Katika benki au ofisi kubwa, barua huingia masjala, hupigwa muhuri wa kupokelewa na kupewa njia ya kufuata, na nakala yako yenye muhuri huo ndiyo unayoishika unapofuatilia. Pia ndiyo mahali pazuri pa kuonyesha jumla yote ya shilingi 1,500,000 na mgawanyo wake, jambo ambalo kwenye ujumbe mfupi lingechanganya. Saini mbili humtuliza anayelipa, kwa maana anaona fedha haiendi kwa mtu mmoja.

Kasoro yake ni mwendo. Ikiwa bonanza ni baada ya wiki mbili, barua inaweza kuwa bado iko mezani kwa mtu wakati filimbi ya kwanza inapulizwa. Heshima inayo, ila ni heshima ya ofisi. Kwa mwenye duka aliyekaa nanyi kwenye benchi moja kikaoni, barua ya YAH inaweza kumfanya ajiulize amekosa nini.

Tahadhari moja katika uandishi: usiige urefu wa barua za serikali. Nimesoma barua za kusindikiza ankara zenye kurasa mbili za historia ya tamasha, na kiasi kikatajwa mara moja tu, karibu na saini. Historia ilikwisha kuelezwa siku ya kuomba udhamini.

Jambo la kodi, kwa njia zote tatu

Neno utakalolitumia, "udhamini" au "mchango", lina uzito kwa mhasibu. Jina la kampuni likichapwa kwenye jezi, kampuni inapata tangazo, na wahasibu wengi huyahesabu malipo hayo kuwa ni ya huduma. Tanzania, malipo ya huduma kwa mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo msishangae zikiingia shilingi 950,000 badala ya 1,000,000. Mlipaji akikata anapaswa kuwapa cheti cha kodi hiyo, na ni halali kabisa kukiomba. Anaweza pia kuwauliza TIN ya kamati au risiti ya EFD. Ujumbe wa kusindikiza usiahidi risiti ambayo kamati haina uwezo wa kuitoa. Andika "stakabadhi ya kamati" kama hiyo ndiyo mliyonayo, na ulizeni kabla kama itamtosha. Ubaya mkubwa ni kuandika "mchango" kwenye ujumbe na "udhamini" kwenye ankara, kwa sababu mhasibu makini atasimama hapo na kuuliza ni kipi.

Kuchagua kwa kuangalia hali yako

Kama aliyeahidi ndiye mwenye fedha na ndiye anayelipa, anza na shukrani, na taja kitu kimoja kilichokwisha kufanyika. Kama hujui nani atalipa, uliza kwanza, maana swali "Ankara tuielekeze kwa nani?" halimuudhi mtu, na jibu lake linakuchagulia njia.

Kama kampuni ina mhasibu lakini mkurugenzi ni mtu wa karibu na kamati, piga simu ya shukrani kisha tuma ujumbe wa hesabu. Kwa duka la mfano wetu, ambalo ni kampuni iliyosajiliwa na lina karani wa hesabu, mimi ningefuata njia hii. Kama lingekuwa duka la mtu mmoja na kaunta yake, ningetuma ule wa magoli kusimama uwanjani.

Kama mdhamini ni benki, shirika au kiwanda, na zimebaki wiki nne au zaidi, peleka barua kwa mkono, pata muhuri wa kupokelewa, na siku hiyohiyo tuma nakala yake kwa baruapepe ukiwa na mistari miwili ya juu kutoka njia ya pili. Zikiwa zimebaki wiki mbili, geuza mpango: baruapepe itangulie na barua ifuate.

Kama mnatumia WhatsApp, kumbukeni kwamba maelezo yaliyoandikwa chini ya faili yanaweza kuachwa nyuma faili linapotumwa kwa mtu mwingine. Mhasibu hubaki na faili peke yake. Kwa hiyo lipeni faili jina linalojieleza, mfano `Ankara_003_Udhamini_Bonanza.pdf`, na ujumbe wa kusindikiza uwe ukurasa wa kwanza wa faili hilo, ankara ikifuata ukurasa wa pili.

Kama ahadi ilitolewa kwa mdomo tu na mdhamini hajaithibitisha kwa maandishi, hakuna njia kati ya hizi tatu iliyo tayari kutumika. Tanguliza ujumbe wa kuthibitisha, siku chache kabla ya ankara: "Katika kumbukumbu za kikao tumeandika kwamba umeahidi shilingi 1,000,000 taslimu pamoja na mabomba na rangi. Kama kuna marekebisho, tafadhali tujulishe." Jibu lake, hata likiwa "sawa" pekee, ndilo utakalolitaja kwenye ankara.

Na kama mdhamini, akishapokea ankara, akijibu kwamba mwaka huu ataweza shilingi 700,000 tu, shukuru kwa hicho, futa Ankara Na. 003, toa Ankara Na. 004 ya kiasi kipya, na andika ndani ya ujumbe kwamba ya kwanza imefutwa. Ankara mbili zilizo hai kwa ahadi moja humfanya mhasibu asilipe hata moja.